Mkono Juu ya Kichwa

Kwetu mtu haweki mkono juu ya kichwa ovyo. Mkono juu ya kichwa ni wa kilio. Ukipita njia ya Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, ukamwona mama amesimama mlangoni, mikono miwili kichwani, huulizi. Unavua tu viatu na kuingia, maana ndani kuna maiti. Mtoto akisahau akajiwekea mkono kichwani kwa kuchoka tu, bibi yake anampiga ule mkono. «Toa! Unaita nani afe?» Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyolea.

Majina ya watu wote wa habari hii ninayakumbuka, hata la mwenye pikipiki aliyetupeleka. Sitayaandika. Wengine wangali hai, na waliokufa hawakuniruhusu. Nitasema tu mume wangu, mwanangu, shangazi yake, na yule dada wa hospitali.

Mume wangu aliendesha malori makubwa ya kampuni mpaka shingo yake ikakataa. Maumivu yalianzia shingoni, nyuma, yakashuka begani, yakapita mkono mzima mpaka kidole gumba na kile cha kuelekeza. Akikohoa, alishika mkono kama aliyeungua. Akitazama juu kuangalia mvua, hivyo hivyo. Kidole gumba kilikuwa kama cha mtu mwingine: akitia chumvi katika mboga, hakujua kama ameshika kidogo au nyingi, tukala chumvi tupu na kucheka. Daktari wa dispensari yetu alimweleza kwamba kati ya mifupa ya shingo kuna vitu laini kama mito midogo ya kulalia, na kimoja kimetoka mahali pake, kinabana mshipa wa fahamu pale unapotokea.

Sasa sikieni ajabu. Kilichompa mume wangu nafuu ni kimoja tu: kuweka mkono juu ya kichwa. Akikaa kwenye kiti chake uani mchana, kiganja juu ya utosi, maumivu yalilala. Daktari alisema ni kweli, mkono ukiinuliwa vile ule mshipa unalegea, hauvutwi tena. Mimi nilimwachia. Lakini dada yake mkubwa, shangazi wa watoto wangu, akiingia uani tu kelele zilianza.

«We! Toa mukono ku kichwa! Unaitia nani kilio mu hii nyumba?»

«Dada, minashikilia tu kichwa yangu isianguke.»

«Ianguke! Njo nitaiokota. Lakini toa mukono.»

Alitoa. Shangazi akienda, alirudisha. Walichezeana hivyo muda mrefu, mwishoni nikawa ninamfanyia mume wangu alama nikisikia sauti ya dada yake njiani.

Halafu mume wangu akafa. Haikuwa shingo, ilikuwa presha. Alianguka bafuni asubuhi, ikaisha. Lakini shangazi hakutaka kusikia neno presha. Kwenye matanga alikaa mkekani karibu nami akasema mbele ya watu wote, «Nilimuambia. Aliita kilio, kikakuja.» Tangu siku ile, katika ukoo wetu, hakuna aliyethubutu kuinua mkono kufikia hata masikio mbele yake. Tulicheka kwa siri, lakini tulitii. Shangazi ni baba aliyevaa kitambaa. Baba akifa, neno lake ndilo linabaki.

Mwanangu ninayemsema ni fundi wa plafo, dari za nyumba. Kolwezi wanajenga sana siku hizi, na kila anayejenga anataka plafo nzuri yenye ngazi ngazi na taa ndani. Mwanangu alikuwa na jina. Watu wa mtaa wa Manika walimfuata mpaka kwetu Dilala. Kazi ile ni kusimama juu ya ngazi au mbao, mikono juu tangu asubuhi, uso juu, unashikilia kibao kwa mkono mmoja na kukaza visi, zile skrubu, kwa mwingine. Nilienda kumwona siku moja nikamwambia, «Unafanya kazi kama mutu anasali.» Akajibu, «Mama, Mungu angelipa vizuri kuliko hawa.»

Plafo ya sebule yangu pia aliianza mwenyewe, zawadi. Nyumba yetu ni ya zamani ya kampuni, dari ilikuwa imeoza. Alifika katikati. Hapo ndipo nilipomwona kwa macho yangu. Aliinua kibao, akatia visi viwili, akashusha mkono wa kuume akautikisa kama anayekung'uta maji. Akainua tena. Akashusha tena.

«Ni nini?»

«Mukono unakufa, mama. Unakuwa muzito kama wa mutu mwingine. Na wadudu banatembea ndani. Nikishusha, banaenda.»

Mimi nikamwona baba yake. Nani asingemwona? Baba mkono, mtoto mkono. Baba shingo, na mtoto anashinda ametazama juu na shingo imekunjwa. Hata nilisema hivyo, kwamba ni ugonjwa wa baba yake, amerithi. Vibao vilibaki pembeni ya ukuta, juu pakabaki tundu.

Tulienda kwa daktari yule yule wa mume wangu. Shangazi alikuja pia, bado na nguo nyeusi za matanga. Hakuna aliyemwita, lakini hakuna anayemwita shangazi, anakuja. Daktari alimkaribisha mwanangu kwa upole, maana alimjua tangu mdogo. Akauliza maumivu yako wapi. Mwanangu akasema begani na mkono mzima, na shingo kidogo jioni. Akauliza kama akitazama juu yanazidi. Mwanangu akasema kazini ndiyo, akitazama juu yanazidi. Na ni kweli, lakini kazini anatazama juu na mikono iko juu pamoja; nani angetenganisha?

Kisha daktari akauliza lile swali.

«Ukiweka mukono ku kichwa, kama baba yako alikuwa anafanya, inapunguza?»

Mwanangu alimtazama shangazi yake. Shangazi alikuwa amekaa wima kwenye benchi, macho makali, mkoba magotini. Mtoto wa watu, baba yake hajamaliza hata mwaka kaburini, ainue mkono auweke kichwani mbele ya dada wa baba? Hakuinua. Alisema tu kwa mdomo, haraka, ili swali lipite:

«Ndiyo, dokta. Inapunguza.»

Ninalikumbuka neno lile kama nilivyokumbuka siku zote majina ya watu. Hakusema uongo wa kudanganya. Alijibu kwa heshima, akajibu kwa mkono wa baba yake. Hata mimi nilisikia jibu lile nikaona ni la kweli, maana nilikuwa ninaona kiti cha uani.

Wakampiga radio ya shingo, ile picha ya mifupa. Shangazi akaishika, akaigeuza. «Radio gani haisemi?» Tulicheka wote, hata daktari. Picha ilionyesha mifupa ya chini ya shingo imeanza kulika, jambo linaloonekana kwa watu wengi wa umri wake, hata wasioumwa. Lakini pamoja na yale majibu, na baba, ilikuwa kama habari imekamilika yenyewe. Daktari akampa dawa za maumivu na ule mkanda mgumu wa shingo wanaouita minerve, akamwambia apumzike. Alipumzika kidogo. Kisha akarudi kazini na minerve shingoni. Hakugeuza kichwa tena, aligeuka mzima mzima. Mafundi wenzake wakamwita padiri.

Minerve haikufanya kitu. Alivaa, tukangoja. Tulisema baba yake pia ilichukua muda. Nikipita kando yake nilimkumbusha avae. Mkoba wa vyombo, wenye nyundo na mashine ya kutobolea, aliutundika bega la kuume kama zamani, na siku alizoubeba mbali mkono ulikuwa mbaya zaidi. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kitu. Akaanza kuangusha visi. Halafu vifungo vya shati: mke wake ndiye alimfungia. Siku moja ya Jumapili, amekaa kwangu anamenya muhogo, nikautazama mkono wake. Ile nyama nene chini ya kidole gumba, upande wa kiganja, ilikuwa imeshuka, imekuwa shimo, kama sabuni iliyotumika upande mmoja. Nikashika mkono mwingine nikalinganisha.

«Tangu wakati gani?»

«Sijui, mama. Haiumi.»

Ile ya kutouma ndiyo iliyonitisha.

Mke wake alikuwa amesikia kanisani kwamba kwenye hospitali moja ya Manika kuna dada wa kine, wale wanaonyoosha viungo, anayejua kuuliza. Tukapanda pikipiki. Shangazi alipanda ya peke yake, mimi na mwanangu nyingine. Alimwambia mwenye pikipiki, «Endesha kama umebeba mayai, na mayai ni mi.»

Dada wa kine alikuwa mdogo kwa umri, sauti ya chini. Hakugusa shingo kwanza. Alisema kwa heshima, «Tata, nionyeshe kazi yako.» Mwanangu akaeleza kwa mdomo. Dada akasema hapana, onyesha. Kisha akauliza ni vidole gani.

Mwanangu akanyoosha kile kidogo na cha pete. «Hivi bibili. Na huku chini ya mukono, upande wa ndani.»

Mimi nikaruka. «Si hivyo! Ya baba yake ilikuwa kidole gumba na kile cha kuelekeza.»

Dada akanigeukia polepole. «Mama, baba yake alikuwa na ugonjwa gani?»

Nikamwambia yote: kukohoa, chumvi, shingo, mvua. Alisikiliza vizuri sana. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuambia. «Ya baba ilikuwa inatoka ku shingo. Hii haijasema bado kwenye inatoka.»

Akamkalisha mwanangu. Akamwambia tazama juu, mikono magotini. Mwanangu akatazama juu. Hakuna kitu. Dada akakigeuza kichwa chake upande wa mkono mgonjwa, akakilaza nyuma, akakikandamiza taratibu. Shingo iliuma mahali pake tu, mkono haukusikia. «Kohoa.» Akakohoa. Hakuna.

«Sasa tazama chini, ku viatu vyako. Inua mikono miwili, viwiko sawa na mabega, viganja mbele. Funga ngumi, fungua, funga, fungua. Usiache mpaka niseme.»

Shangazi akasema, «Kama bachimbaji bamekamatwa na polisi!» Mwanangu akacheka, akaendelea kufungua na kufunga. Kichwa kilikuwa kimeinama, macho kwenye viatu. Shingo haikufanya kazi yoyote. Punde kicheko kikaisha. Mkono wa kushoto uliendelea kama kawaida. Wa kuume ukaanza kuchelewa, vidole vikawa vyeupe, kiwiko kikashuka, akakirudisha, kikashuka. «Wadudu,» akasema. «Bamejaa.» Dada hakumwambia aache. Dakika ya kwanza ilikuwa haijafika mbali mkono ukaanguka wenyewe pajani kama kitambaa.

Dada akapima pia mapigo kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa juu. Yakapotea. Nikasema, «Basi ni hiyo!» Akatikisa kichwa. «Hiyo peke yake haisemi kitu, mama. Hata kwa bantu bazima, bale habana ugonjwa, inapoteaka. Mi nasikiliza bitu byote pamoja.»

Halafu akasema, «Jambo la mwisho. Weka mukono ku kichwa.»

Nikafunga macho.

«Apana!» Shangazi alikuwa amesimama. «Baba yake iko mu udongo. Munataka kuita nani sasa? Mi? Mama yake?»

Mwanangu alibaki na mkono pajani, anatazama chini. Dada wa kine hakubishana naye. Alimwambia kwa heshima, «Shangazi, simuiti mutu. Nauliza mukono. Dokta wa kwanza aliuliza pia?»

Mwanangu ndiye aliyejibu, taratibu. «Aliuliza. Nilisema inapunguza.»

«Na inapunguza?»

«Sijawahi kujaribu.»

Nilimtazama shangazi. Uso wake ule mkali ulikuwa umelegea, kama mtu aliyefika mahali akakuta mlango uko wazi na nyumba tupu. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, nimpe haki yake. Aliokota mkoba wake, akageuka, akaukabili ukuta, mgongo kwetu, kitambaa cheusi akakivuta mbele ya macho.

«Weka,» akasema kwa ukuta. «Mi sioni.»

Mwanangu akaweka mkono juu ya kichwa. Nilingoja uso wa baba yake, ule wa kulegea. Haukuja. Akauma meno. «Inazidi,» akasema. «Dada, inazidi.» Akautoa haraka.

Dada akatueleza kwa vidole vyake mwenyewe. Mishipa ya mkono inatoka shingoni, ndiyo, lakini ikishatoka ina mlango mwembamba wa kupita, kati ya misuli ya kando ya shingo, kisha chini ya mfupa wa mbele wa bega na juu ya ubavu wa kwanza. Mshipa wa damu unapita pale pia. Mtu akiinua mikono, mlango unajifunga. Kwa wengi unabaki wa kutosha. Kwa mwanangu haukutosha. Mume wangu alibanwa kwenye chanzo, mtoto njiani. Ndiyo maana dawa ya mmoja ilikuwa adui wa mwingine.

Daktari wa pale akaitwa, akaiinua ile radio dirishani, ile isiyosema. Haikuwa imenyamaza. Juu ya ubavu wa kwanza, upande wa kuume, palikuwa na kijibavu kidogo cha ziada kinachotoka kwenye mfupa wa mwisho wa shingo. Watu wachache wanazaliwa nacho, wengi wao hakiwasumbui kamwe. Mwanangu alitoka nacho tumboni mwangu. Tulikuwa tumeiweka picha ile ndani ya bahasha muda wote huo, chini ya godoro ili isikunjike.

Nilimuuliza dada kama mazoezi yatatosha. Alisema kwa wale wenye misuli iliyokaza tu, mara nyingi mazoezi na kubadilisha kazi vinatosha. Lakini pale nyama ya mkono ikianza kuisha, si vizuri kungoja. Wakampeleka Lubumbashi. Kule wakapima mishipa kwa umeme na sindano ndogo, majibu yakakubaliana na maneno ya yule dada, wakamkata kile kijibavu na ukamba mgumu uliokuwa umeshikana nacho. Wadudu waliondoka. Uzito ukapungua. Lakini daktari mpasuaji alikuwa ametuonya: wanakata ili nyama isiendelee kupotea, iliyokwisha kupotea, huenda isirudi. Haikurudi. Kidole gumba cha mwanangu kinafika kwenye kisi, kinakigusa, na hakikishiki.

Daktari wetu wa dispensari alikuja kunipa pole. Akasema, «Nilimuuliza, mama. Alinijibu.» Ni kweli. Sikuwa na hasira naye. Sina hasira na yeyote, na hilo ndilo linanisumbua. Hasira ingekuwa na mahali pa kwenda. Daktari aliuliza vema, mtoto alijibu kwa adabu, shangazi alilinda watu wake. Mimi nilikaa katikati yao, ndimi pekee niliyejua mikono yote miwili, wa baba na wa mwana, na hakuna aliyenifundisha kwamba mikono miwili inaweza kufanana na isifanane.

Shangazi tangu siku ile hasemi tena juu ya mkono na kichwa. Wajukuu wanajiwekea mikono vichwani mbele yake, anageuza uso. Ningependa awakaripie. Nyumba imekuwa kimya upande ule.

Sasa mwanangu ana vijana wawili wanaomfanyia kazi ya kupanda, yeye anasimama chini na kupima kwa macho. Sebuleni mwangu tundu lilibaki. Vijana wake walitaka kulifunga, nikakataa. Nilisema vumbi, nilisema mvua, nilisema nina wageni. Ukweli sikutaka mkono mwingine umalizie zawadi ile. Mvua ikipiga mabati, sauti iliingia pale, na mimi nilikaa chini yake.

Juzi alikuja na vijana wake, hakunitangulizia neno. Nikaanza habari ya vumbi. Akanikatiza kwa upole.

«Mama, hili tundu ni mukono yako ku kichwa. Unanililia, na mi niko hapa.»

Nikatoa viti nje wapate nafasi. Kijana mmoja akapanda na kibao, mwingine akampa visi. Mwanangu alisimama chini, mkono wa kuume mfukoni, wa kushoto ukielekeza. Kisi cha kwanza, cha pili. Nilisikia anasema, na aliendelea kusema mpaka kazi ilipoisha, kibao baada ya kibao:

«Shusha mikono. Pumuzika. Plafo haina miguu, haitakimbia. Shusha kwanza mikono.»

Jioni mvua ilinyesha. Sikuisikia vizuri.